Kuuza mboga za shamba kwa watu wa mjini kwa simu: jinsi ya kupokea oda bila kuuza usichonacho

Watu wengi wakinipigia kuuliza hii kazi wanaanza na picha, eti kamera gani, nipige na mwanga gani, nitengeneze logo au vipi. Picha ni kazi ya asubuhi moja tu, piga kivulini kabla jua halijawa kali, zao moja kwa kila picha, weka kitu cha kulinganisha ukubwa kama kiganja, basi. Kinachokula biashara ni kitu kingine kabisa, ni namba. Yani kujua shamba litatoa kilo ngapi siku ya kuvuna, na kuhakikisha oda hazipiti hapo.

Mi natumia WhatsApp Business kuonyesha bidhaa, maana kastoma wangu wako hukohuko na hawataki kupakua kitu kipya. Katalogi yake inabeba hadi bidhaa 500 na kwa mkulima hiyo ni zaidi ya kutosha, mtu anaweka vitu kwenye kapu af anakutumia kama meseji. Ila jua hili mapema: lile kapu halijui stoku yako. Zikiwa zimebaki kilo 4 za nyanya mtu anaweza kukutumia kapu la kilo 30 na litafika vizuri tu. Kwa hiyo katalogi ichukulie kama dirisha la duka, hesabu iweke kwingine, na zao likiisha unaingia unalificha mwenyewe. Usilifute, ficha, wiki ijayo unalirudisha bila kuanza upya. Na bei, kama inabadilika kila wiki usiiweke kwenye katalogi, sehemu ya bei unaruhusiwa kuiacha wazi, af kila bidhaa unayoihariri inapitiwa upya kabla haijaonekana, sasa we unabadilisha saa moja kabla ya kufungua oda halafu unashangaa kastoma bado wanaona ya zamani. Bei inakaa kwenye tangazo la wiki.

Hesabu yangu iko Google Sheets, kurasa mbili tu. Ya kwanza inaitwa Bidhaa: safu A jina la zao, B kiasi nilichoamua kuuza wiki hii, C kilichobaki. Ya pili inaitwa Oda: A jina la kastoma, B mtaa, C zao, D kiasi, kila zao mstari wake, yani mtu akiagiza vitu vitano anachukua mistari mitano. Kwenye Bidhaa, seli C2, unaandika hivi na kuivuta chini:

```
=B2-SUMIF(Oda!C:C,A2,Oda!D:D)
```

Ukiingiza oda, kilichobaki kinapungua chenyewe. Ukiona umeingiza oda na namba haijasogea ujue jina halijafanana, mara nyingi kuna nafasi imebaki mwishoni mwa neno, au mmoja kaandika "spinachi" mwingine "spinach". Dawa yake ni kwenye safu C ya Oda uweke orodha ya kuchagua ili hakuna mtu wa kuandika jina kwa mkono. Na safu D ni namba tupu, ukiandika "3kg" haijumlishi.

Sasa ile B ndo yenye kazi. Haitoki kichwani, unaingia shambani siku mbili tatu kabla ya kuvuna na kuhesabu. Kwa nyanya nachukua mashina kumi yaliyosambaa, sio yale mazuri ya mwanzo wa mstari, nahesabu matunda yaliyoanza kubadilika rangi, napata wastani wa shina, nazidisha na idadi ya mashina, nageuza kuwa kilo kwa uzito wa tunda la kawaida. Tuseme imetoka kilo 60. Kwenye B naandika 45. Robo inabaki pembeni kwa ajili ya zilizotobolewa na wadudu, zilizopasuka kwa mvua ya ghafla, na zile ambazo hazikuiva kwa sababu kulikuwa na mawingu. Mboga za majani nabakiza pembeni zaidi ya robo kwa sababu jua kali la siku mbili linabadilisha kila kitu. Vitunguu vilivyokwisha kukaushwa na viko stoo, hivyo naviandika karibu vyote kwenye B, unaviona kwa macho.

Ratiba nayo isiwe ya kubahatisha. Jumapili jioni natuma tangazo, Jumanne saa kumi na mbili jioni oda zinafungwa, Jumatano tunavuna na kufungasha, Alhamisi alfajiri gari linaondoka. Tangazo natuma kwa orodha ya broadcast, sio grupu, maana kwenye grupu mmoja akilalamika kabichi wote wanasoma, ila broadcast inamfikia tu aliyesevu namba yako kwa hiyo kila kastoma mpya mwambie asevu kwanza. Oda inahesabika ikishalipiwa. Kabla ya hapo siiandiki kabisa kwenye shiti, na naliandika hilo kwenye tangazo lenyewe ili isiwe ugomvi. Oda ya Jumatano asubuhi inakwenda wiki ijayo hata kama anayeomba ni shemeji, ukishamfungulia mmoja wavunaji wanarudi shambani mara ya pili juani kwa ajili ya kilo mbili.

Twende na wiki moja ya zile nyanya. Mpaka Jumanne jioni zimelipiwa kilo 41, zimebaki 4 hazijanunuliwa. Jumatano wavunaji hawapewi majina ya kastoma, wanapewa jumla tu: nyanya 41, spinachi mafungu 30, karoti kilo 18. Unavuna kwa zao, unafungasha kwa mtu. Shambani zinatoka kilo 52, tukichambua 6 hazifai, zinabaki 46 safi, oda zote zinatimia na 5 zinakwenda soko la jirani siku hiyohiyo. Ingekuwa nimeandika 60 na zikauzwa zote, ningekuwa na pungufu la kilo 14 na pesa za watu mkononi.

Na bado kuna wiki inapungua, haikwepeki. Ndo maana wakati wa kupokea oda nauliza swali moja la nyongeza: zao likikosekana nikuwekee kingine au nikurudishie hela? Jibu linakaa safu E. Bila hilo utakesha Jumatano usiku unapiga simu na nusu ya watu hawapokei.

Kufungasha tunakuwa wawili, mmoja anasoma mstari kwa mstari, mwingine anaweka na kupima, msomaji ndo anaweka tiki. Vizito chini, majani juu, na nyanya zilizoiva usizilaze usiku kucha kwenye boksi moja na majani, zinatoa hewa inayoyafanya kuwa njano haraka. Nyanya zisioshwe zikafungwa zikiwa na maji, zitaoza kwenye kikonyo. Kila mfuko una jina, mtaa na idadi ya mifuko ya huyo mtu, "1 kati ya 2", kwa sababu mfuko wa pili ndo unaosahaulika garini. Panga shiti kwa safu ya mtaa, af pakia kinyume: wa mwisho kushushiwa anaingia wa kwanza.

Malalamiko napokea kwa picha, siku hiyohiyo ya kupokea mzigo, kesho yake hapana, maana sijui umeuweka wapi. Ikiwa kweli kosa ni letu napunguza kwenye oda inayofuata, na naandika safu F zao gani. Zao likijitokeza pale wiki tatu mfululizo nalitoa kwenye katalogi mpaka nijue linaharibikia wapi, shambani, kwenye boksi au njiani.