Kabla Hujaandika Haipokromia, Ikague Slaidi Yenyewe

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mdogo wetu mmoja anayesoma stashahada ya maabara huku huku Nyanda za Juu Kusini, ametoka kwenye mtihani wa vitendo. Nauweka kama ulivyo, kwa ruhusa yake: "Dada shikamoo. Kituo cha pili nilikuta slaidi ya damu na karatasi ya FBP. Nikaona seli nyekundu zote katikati nyeupe kabisa, nikaandika haipokromia na seli shabaha. Wamenipa sifuri. Sasa dada, mtu aandike nini kama si alichokiona?"

Haipokromia ni seli nyekundu kupauka katikati kwa kupungukiwa himoglobini, na FBP ni hesabu ya damu inayotolewa na mashine. Nikamwomba anitumie swali. Mwanamke wa miaka 24, amekuja kupima afya kabla ya kuanza kazi. Hb 12.8, Hct 38.8, MCV 88, MCH 29, MCHC 33, RDW 13.2. Eleza umbo la seli nyekundu, kisha sema kama majibu yatolewe.

Hayo maneno ya mwisho, "kama majibu yatolewe", ndiyo swali lenyewe. Aliyelitunga hakuwa anauliza ugonjwa. Alikuwa anauliza kama mwanafunzi anaweza kuitilia shaka slaidi aliyopewa.

Jambo hili linanigusa, na niseme kwa nini. Nikiwa mwaka wa pili tulikuwa kwenye mazoezi ya vitendo, mwezi wa pili, mvua ya Mbeya mnaijua, asubuhi ukungu umeshuka hadi madirishani na chumba chote kina unyevu. Slaidi zilipangwa mezani zikauke zenyewe. Nilipoweka yangu chini ya hadubini nikaona seli zina matundu, kama zimetobolewa. Nikasema kwamba slaidi hii haifai kusomwa. Nikaambiwa mbele ya darasa zima kwamba mtoto wa juzi hasahihishi slaidi za wakubwa zake, niandike ninachokiona nikae. Wenzangu wakacheka. Wote tukaandika haipokromia, wote tukapata alama. Ilipotayarishwa filamu nyingine ya damu ile ile, juma lililofuata, na safari hii ikakaushwa kwa feni, seli zilikuwa safi kabisa. Hakuna aliyenigeukia kusema neno. Miaka imepita, sasa mimi ndiye ninayewapokea wanafunzi wa fildi, na bado nikikumbuka kicheko kile roho inauma. Lakini jicho langu lilikuwa sahihi, na ndilo nataka kuwaachia.

Kwanza muelewe kinachotokea. Damu ikitandazwa kwenye kioo inatakiwa ikauke upesi. Ikichelewa kwa sababu ya baridi na unyevu, au tone likiwa kubwa na filamu nene, maji yanayobaki yanaivuruga seli wakati inaganda mahali pake. Kisha kuna methanoli. Methanoli hunyonya maji kutoka hewani. Chupa ikiachwa wazi mezani, au mtungi wa kuzamishia slaidi ukikaa siku kadhaa bila kubadilishwa, unakuwa unagandisha seli kwenye kioo kwa methanoli yenye maji ndani, na maji hata kidogo, asilimia chache tu, yanatosha kuharibu umbo. Rangi ya Leishman nayo imeyeyushwa kwenye methanoli, kwa hiyo chupa yake isipofungwa vizuri inaleta balaa lile lile. Sisi tunaokaa Mbeya, Tukuyu, Njombe, tuna miezi mingi ya unyevu. Anayesomea mahali pa jua kali anaweza kumaliza chuo bila kuyaona haya. Ninyi hamwezi.

Sasa unajuaje? Weka lenzi ya 100 na mafuta, tafuta sehemu ambayo seli zimekaribiana bila kupandana, halafu usiandike kitu. Shika skrubu ndogo ya kulenga, izungushe taratibu mbele na nyuma huku ukitazama seli moja tu. Weupe wa kweli wa katikati hauna mpaka. Rangi ya waridi inafifia kidogo kidogo kutoka ukingoni kuelekea ndani, na ukizungusha skrubu seli nzima inafifia tu kwa pamoja. Tundu la slaidi mbovu lina mpaka mkali. Ukizungusha linang'aa kama kiputo cha hewa, ukizungusha tena ule ukingo unageuka mweusi. Mkishaliona mara moja hamtalisahau. Yule mdogo wetu alinitumia picha aliyopiga kwa simu kwenye lenzi ya hadubini, na hata pichani ule mng'ao ulionekana.

Halafu sogeza slaidi. Ugonjwa uko kwenye damu yote, kwa hiyo unaukuta upande huu na upande ule. Kasoro ya kukausha mara nyingi inakaa eneo moja, hasa palipokuwa panene, na ukisogea kuelekea mkiani, filamu inapoishia nyembamba, inapungua au inakwisha. Na pale ilipo, inashika karibu kila seli kwa namna moja. Haipokromia ya kweli haifanyi hivyo, utakuta seli iliyofifia sana jirani na iliyofifia kidogo, kubwa na ndogo zimechanganyika.

Hapo ndipo unarudi kwenye karatasi ya FBP. MCH ni wastani wa himoglobini iliyomo ndani ya kila seli, na 29 ni kawaida kabisa. Kama kweli seli zote zingekuwa tupu kama slaidi inavyodai, himoglobini ya mwanamke huyu ingekuwa imekaa wapi? Mashine imehesabu maelfu ya seli, imesema zimejaa. RDW 13.2 inasema zinalingana ukubwa. Kanuni inasema Hb ukiizidisha kwa 3 ikaribie Hct, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu: 12.8 mara 3 ni 38.4, na Hct kwenye karatasi ilikuwa 38.8. Namba zote zinashikana. Aliye peke yake ni slaidi.

Jibu lililotakiwa ni fupi: seli zinaonyesha kasoro ya utayarishaji, umbo halisomeki kwa uhakika, majibu ya filamu yasitolewe, itayarishwe filamu mpya kwa methanoli mpya pamoja na slaidi ya kontroli. Basi. Mdogo wangu angeandika hivyo angechukua alama zote.

Niongelee hiyo kontroli, maana watu wengi wakisikia udhibiti wa ubora wanafikiria mashine tu na ile chati ya mistari ya SD. Filamu nayo ina kontroli yake, na haigharimu kitu. Chagua sampuli ya asubuhi hiyo hiyo ambayo FBP yake ni ya kawaida, iliyo kwenye tyubu ya EDTA, haijakaa zaidi ya saa 2. Itandaze, ikaushe, izamishe na kuitia rangi pamoja na ya mgonjwa, kwa chupa zile zile. Kisha isome kwanza hiyo. Ikiwa nayo ina matundu, tatizo liko kwenye kazi yako au kwenye chupa, usimguse mgonjwa. Ikiwa seli zimeingia ubluu na kijivu, bafa yako imepanda juu ya pH 6.8 tunayoitumia kwa Leishman. Zikiwa waridi kali na viini vya seli nyeupe vimepauka, imeshuka. Kontroli ikitoka safi na ya mgonjwa ina matundu, rudia ya mgonjwa kwa tone dogo, filamu nyembamba, mbele ya feni, kabla hujasema lolote.

Narudia kuhusu feni kwa sababu kuna mtego hapa. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu ana plazma nyingi na seli chache, kwa hiyo filamu yake huchelewa kukauka kuliko za wengine. Ndiye anayeshikwa zaidi na kasoro hii, na ndiye huyo huyo anayeweza kuwa na haipokromia ya kweli. Vyote viwili kwenye slaidi moja. Damu ya namna hiyo ongeza kidogo mwinuko wa slaidi ya kusambazia, maana ni nyepesi na inakimbia, halafu kausha mara moja.

Nilimtumia pia mfano wa upande wa pili, asije akaanza kuita kila weupe kasoro. Karatasi ya mgonjwa mwingine: seli nyekundu 4.05, Hb 8.1, Hct 27.9, MCV 69, MCH 20, MCHC 29, RDW 19. Kwenye filamu, weupe umezidi theluthi ya upana wa seli, unafifia polepole bila mpaka, kuna seli nyembamba ndefu kama penseli zinazotazama kila upande, na seli nyingi ni ndogo kuliko kiini cha limfosaiti ndogo. Hapa slaidi na mashine zinasema neno moja, andika haipokromia na maikrosaiti bila hofu. Lakini angalia: 8.1 mara 3 ni 24.3, na Hct ni 27.9. Imepita ile tofauti ya 3 tuliyofundishwa. Wanafunzi wa fildi wanakimbilia kusema mashine imekosea. Haijakosea. Kanuni ya kuzidisha kwa 3 ni ya seli zenye ukubwa na rangi ya kawaida tu, na hizi si za kawaida. Tafadhali, msitupe majibu mazuri kwa kanuni iliyotumika pasipo pake.

Na msiifanye mashine kuwa mungu. MCH ni wastani. Mgonjwa wa upungufu wa madini chuma aliyeongezewa damu jana ana seli zake zilizofifia na seli za mchangiaji zilizojaa, na wastani unaweza kuangukia karibu na kawaida. Hapo RDW inakuwa juu, na filamu inaonyesha makundi mawili waziwazi. Jicho linashinda, ila ni jicho lililokwisha kuikagua slaidi.

Ana mtihani wa marudio hivi karibuni. Nimempa zoezi ambalo mimi sikupewa na mtu: atayarishe slaidi mbovu kwa makusudi. Sampuli moja ya damu ya kawaida, filamu tatu. Ya kwanza aikaushe kwa feni, methanoli mpya. Ya pili aikaushe vizuri vile vile lakini aizamishe kwenye mililita 9 za methanoli iliyochanganywa na 1 ya maji. Ya tatu aitandaze nene, aiache dirishani asubuhi ya ukungu. Afanye mbali na moto, dirisha wazi, kwa sababu methanoli inawaka na mvuke wake ni sumu. Kisha mwenzake azichanganye, afiche namba, naye azitambue kwa skrubu ndogo peke yake bila kuona karatasi yoyote. Jana jioni ameniandikia kwamba ya pili ameitambua papo hapo, ya tatu bado inamsumbua sehemu ya katikati ya filamu. Nimemwambia aanzie mkiani, arudi nyuma polepole, na aandike ni wapi hasa matundu yanapoanza.