Kipimo kimesema chanya: gawa kwa nani?

"Mwalimu, shikamoo. Nasomea afya ya jamii hapa Malindi. Hesabu za vipimo naziweza nikiwa nyumbani, lakini saa ikinikimbiza nachagua jibu silo, hasa swali likiwa na ISIPOKUWA. Wenzangu wananunua vijitabu vya mbinu za kubahatisha. Vinasaidia?"

Marahaba. Havisaidii. "Jibu refu ndilo," "ukikwama chagua C": mtunzi wa mtihani anayajua hayo kumshinda anayeyauza. Majibu yake ya mtego hayaokoti ovyo; kila moja ni namba utakayoipata ukikosea hatua moja.

Mfano: kipimo cha malaria kina unyeti wa 90%, yaani hunasa wagonjwa 90 kati ya 100, na umahususi wa 95%, yaani huwasoma hasi wazima 95 kati ya 100. Kijijini, watu 2 kati ya 100 wana malaria. Aliyeonekana chanya ana uwezekano gani wa kuwa nayo kweli? A 90%, B 95%, C 73%, D 27%.

Wengi wanarukia A, na kosa hili ndilo linalonichosha. Unyeti huanza na wagonjwa, ukauliza wangapi wamenaswa. Swali hili linaanza na walioonekana chanya. Weka watu 1,000 pembeni mwa karatasi. Wagonjwa ni 20, wanaonaswa 18. Wazima ni 980, na 5% yao, yaani 49, wanasomeka chanya kimakosa. Chanya zote ni 67. Usihangaike kugawa: 18 kwa 67 haifiki theluthi moja, na jibu la namna hiyo ni D pekee. C ni 49 kwa 67, mtego wa aliyechukua wazima badala ya wagonjwa.

Sasa ISIPOKUWA. Kipimo ni kilekile, malaria imeshuka kutoka 20% hadi 2%, na wanaougua ni wa aina ileile. Yote ni kweli isipokuwa:

A. Uwezekano kwamba mwenye chanya anaumwa umeshuka.
B. Uwezekano kwamba mwenye hasi ni mzima haujashuka.
C. Idadi ya chanya za uongo imepungua.
D. Unyeti haujabadilika.

Lifunike neno ISIPOKUWA kwa kidole. Soma kila sentensi peke yake, uandike K kwa kweli au S kwa si kweli. Kwa watu 1,000, chanya za uongo zilikuwa 5% ya wazima 800, yaani 40. Sasa ni 49. C ni S. Nyingine zote ni K, kwa hiyo C ndiyo jibu. Ukipata S mbili, rudia kwanza zenye kukanusha, kama B na D. Hapo ndipo jicho huteleza.

Na kosa la jibu A la swali la kwanza haliishii kwenye mtihani. Wapo wanaotembeza vipimo mitaani na kuuza dawa papo hapo kwa sababu "kipimo hiki hakikosei." Ugonjwa ukiwa adimu, hata kipimo kizuri hutoa chanya nyingi za uongo. Ndiyo maana VVU havithibitishwi kwa kipimo kimoja: chanya ya kwanza hufuatwa na kipimo kingine cha aina tofauti, kabla mtu hajaambiwa lolote la mwisho.