Mkate mmoja wa kukutoa kwenye mtihani wa uhasibu wa menejimenti

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani huu nilianguka, ingawa fomula nilizijua zote. Kilichoniangusha ni kuzisoma kama mada tatu tofauti: kiwango cha kutopata faida wala hasara, bajeti, na tofauti kati ya bajeti na hali halisi. Zote zinatoka kwenye namba moja, nayo ni mchango: bei ukitoa gharama zinazobadilika.

Chukua kiwanda kidogo cha mikate. Mkate unauzwa Sh 1,500. Unga ni kilo 0.4 kwa Sh 1,500 kilo, yaani Sh 600, na gharama nyingine zinazobadilika ni Sh 300. Mchango ni Sh 600. Gharama za kudumu, yaani kodi ya pango na mishahara, ni Sh 1,200,000 kwa mwezi, uoke mkate mmoja au elfu tatu.

Basi ili usipate faida wala hasara, gawanya 1,200,000 kwa 600: mikate 2,000. Hapa wengi huteleza. Bajeti ikiwa mikate 3,000, wanagawanya gharama za kudumu wanapata Sh 400 kwa mkate, kisha wanaitoa nayo kwenye bei. Mchango unabaki Sh 200 na jibu linaruka hadi mikate 6,000, kwa sababu gharama ileile imehesabiwa mara mbili.

Kwa bajeti ya mikate 3,000, faida ni 1,000 iliyozidi mara 600, yaani Sh 600,000.

Sasa tuseme mwezi umeisha. Imeokwa na kuuzwa mikate 2,500 kwa bei ileile, na unga umetumika kilo 1,050 kwa Sh 1,680,000. Bajeti ya unga ilikuwa Sh 1,800,000. Mimi niliandika kwamba tumeokoa Sh 120,000, na hapo ndipo alama zilipokwenda. Ile 1,800,000 ni ya mikate 3,000. Kabla ya kulinganisha chochote, ipange upya bajeti kwa mikate iliyookwa kweli: 2,500 mara 600 ni Sh 1,500,000. Kumbe tumezidisha Sh 180,000.

Igawe hiyo 180,000. Kilo ilinunuliwa Sh 1,600, ghali kwa Sh 100, kwa hiyo tofauti ya bei ni 100 mara kilo 1,050 zilizotumika: Sh 105,000. Mikate 2,500 ilistahili kilo 1,000, zimezidi 50. Hizi zizidishe kwa bei iliyopangwa, Sh 1,500, upate tofauti ya matumizi ya Sh 75,000. Ukitumia 1,600 hapa, unamlaumu mwokaji kwa kosa la mnunuzi, na jumla haitafika 180,000.

Mikate 500 iliyopungua kwenye bajeti inapoteza mchango wake tu, Sh 300,000, maana gharama za kudumu hazikupungua. Gharama nyingine zote zikiwa kama zilivyopangwa, 600,000 toa 300,000 toa 180,000 ni Sh 120,000. Kokotoa faida halisi kutoka kwenye mauzo ya Sh 3,750,000. Ikija namba nyingine, rudi kwanza pale ulipopanga bajeti upya.