Goti limevimba, macho mekundu, na usaha wa mwezi uliopita

Daktari, mwezi uliopita nilitokwa usaha wakati wa kukojoa. Nikachomwa sindano moja, ukakauka. Sasa goti la kulia limevimba, kisigino kinauma kila asubuhi na macho ni mekundu. Malaria sina. Nina miaka 27.

Vyote hivyo huenda ni jambo moja: baridi yabisi inayofuata maambukizi. Huanza wiki 1 hadi 6 baada ya ugonjwa wa njia ya mkojo, na wakati mwingine baada ya kuhara. Kinga iliyoamshwa na vijidudu huendelea kuchokoza viungo na macho. Hupenda goti, kifundo cha mguu na kisigino, tena upande mmoja zaidi ya mwingine.

Sindano ya mara moja kwa kawaida ni ya kisonono. Klamidia, maambukizi ya zinaa ambayo mara nyingi huandamana nacho, haiuliwi na sindano hiyo. Omba kipimo cha mkojo wa mwanzo, ule unaotoka kwanza, baada ya kukaa angalau saa moja bila kukojoa. Pima na VVU pia.

Ila goti lianze. Kisonono chenyewe kinaweza kuingia kwenye kiungo na kukiharibu kwa siku chache. Daktari avute maji ya goti kwa sindano, yapelekwe maabara. Ukiwa na homa, au goti ni la moto na hulikunji, nenda leo.

Nimenunua matone ya macho duka la dawa. Yanatosha?

Jicho linalowasha na kutoa machozi kidogo mara nyingi hupoa lenyewe. Likiuma kwa ndani, likikataa mwanga au ukiona ukungu, uvimbe umeingia ndani ya jicho, na hapo unamhitaji daktari wa macho siku hiyohiyo. Matone yenye steroidi usijitilie bila jicho kupimwa. Yakikosea ugonjwa, yanaweza kukupofusha.

Mume wangu ameambiwa ana klamidia. Mimi sisikii chochote, kwa nini nimeze dawa?

Kwa sababu wanawake wengi wenye klamidia hawasikii chochote, na usipotibiwa utamrudishia. Dawa ya kawaida ni doksisaikilini miligramu 100, mara mbili kwa siku, siku 7. Kama una mimba sema mapema, utapewa azithromaisini. Msikutane kimwili mpaka nyote mmalize.

Nilimaliza doksisaikilini wiki tatu zilizopita, goti bado. Niongeze dozi?

Hapana. Dawa hiyo imeondoa kijidudu. Uvimbe una ratiba yake, kwa wengi miezi 3 hadi 12. Kinachosaidia sasa ni dawa ya kupunguza uvimbe kama naproxeni au ibuprofeni, ikimezwa na chakula kwa mpangilio wa daktari, si pale tu maumivu yanapokuzidi. Mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu asiiguse kabla ya kuuliza. Goti likigoma, daktari anaweza kulichoma steroidi, lakini baada tu ya maji yake kuonyesha hakuna kijidudu ndani.