Kitabu cha Ubatizo Kisome Mpaka Pembeni

Wengi wakienda parokiani kutafuta habari za mababu hunakili jina, tarehe na wazazi, wakaaga. Nusu ya habari huwa imebaki kwenye ile nafasi nyembamba ya pembeni.

Padre Mkatoliki akifungisha ndoa hutakiwa kupeleka taarifa kule maharusi walikobatizwa, nayo huandikwa ubavuni mwa majina yao. Bibi yangu mzaa mama nilimfuatilia hivyo, kwenye parokia kongwe ya Ugogo. Mstari wake, kwa Kilatini, unasema alibatizwa 1934 akiwa na miaka "circa 16", yaani padre alimtazama akakadiria. Ukitoa unapata 1918. Makadirio ya namna hiyo hayafai kuaminiwa peke yake, kwa hiyo nilimuuliza mama mdogo. Akasema bibi alikuwa akiambiwa alizaliwa kwenye Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920. Hapo padre akapata shahidi.

Pembeni paliandikwa "nupsit cum", yaani aliolewa na, kisha jina la babu, mwaka 1937, na parokia nyingine kabisa, upande wa Kondoa. Kule kitabu cha ndoa kikanipa kijiji cha babu, baba yake na mashahidi wawili. Nisingeijua parokia hiyo kwa kuulizia ukoo tu. Lakini pembeni pakiwa patupu usiseme hakuolewa. Huenda taarifa haikufika. Na kama parokia yenu imezaliwa juzi, vitabu vya zamani viulize kwenye parokia mama. Cha mazishi usikitegemee sana: aliyefia kijijini akazikwa padre hana habari, mara nyingi hayumo.

Kwa ndugu zetu Waislamu kuzaliwa na kuzikwa kwa kawaida havikuwa na kitabu. Maiti husaliwa na kuzikwa upesi, basi. Kilichoandikwa ni ndoa, pale shehe alipokuwa na daftari, na daftari lenyewe huenda liko kwa wajukuu zake wala si msikitini. Nenda na mzee anayefahamika, ubishe hodi kwa adabu.

Ukilipata, wengine hukimbilia mahari. Mimi huanza na walii, yaani yule anayemwozesha bibi harusi. Anayestahili kwanza ni baba wa bibi harusi, kisha babu yake mzaa baba. Akiozeshwa na kaka au baba mdogo, kuna uwezekano mkubwa baba alikwishafariki, na hiyo yaweza kuwa dalili pekee ya kifo chake utakayoipata kwa maandishi. Inaweza pia kuwa baba hakuwa Mwislamu, jambo la kawaida tu huku kwetu, hivyo waulize wazee kwanza. Tarehe ikiwa ya Hijria usiipachike mwaka wa kizungu kwa kukisia: mwaka 1352 ulianza Aprili 1933 ukaishia Aprili 1934, kwa hiyo ndoa ya Rajabu ni ya Oktoba au Novemba 1933, na ya Mfungo Tatu iliyofuata Ramadhani yake imeshaingia 1934.