Kilele cha 115.5 kinachoelekea chini kwenye DEPT-135 ya yujenoli

Swali: "Wakuu, tumekamua mafuta ya karafuu za Amani huku Muheza, tukatenga yujenoli na kupeleka sampuli ipimwe NMR. Spektra ya kaboni ina vilele 10 ukiacha vya kiyeyushi. Sasa kwenye eneo la pete kuna kilele cha 115.5 ambacho DEPT-135 inakionyesha kikielekea chini. Pete ya benzeni inaweza kuwa na CH2 kweli, au mashine imekosea?"

Mkuu, mashine iko sawa. Hicho kilele si cha pete. Ni ile CH2 ya mwisho wa mkia wa yujenoli, yenye kifungo maradufu. Kaboni za kifungo maradufu hutokea eneo lilelile la kaboni za pete, ndiyo maana ukitazama spektra ya kawaida peke yake 115.5 na jirani yake 114.2 vinafanana kabisa. Nimesoma spektra nyingi za mafuta ya viungo vya Tanga, na kwa yujenoli hapo ndipo DEPT, kipimo kinachoonyesha kaboni ipi imeshika haidrojeni ngapi, inapokuwa na faida kubwa kuliko kwingine kote.

Weka karatasi zote tatu sambamba, ya spektra ya kawaida, ya DEPT-135 na ya DEPT-90, vipimo vya ppm vikae mstari mmoja. Anza na vilele vilivyopo kwenye spektra ya kawaida lakini havipo kwenye DEPT-135. Utaona vimepotea 146.4, 143.8 na 131.9. DEPT hupata nguvu yake kutoka kwa haidrojeni iliyoshikamana na kaboni, halafu huihamishia kaboni hiyo. Kaboni isiyo na haidrojeni yake haipokei kitu, kwa hiyo haionekani. Hizo tatu ni za pete: mbili zimebeba oksijeni, ya tatu imeshika mkia. Vile vilele vitatu vilivyobanana karibu na 77 navyo vinatoweka, kwa kuwa kaboni ya CDCl3 imeshika deuteriamu badala ya haidrojeni.

Kwenye DEPT-135, CH na CH3 huelekea juu, CH2 huelekea chini. Chini utapata viwili tu, 115.5 na 39.9. Hicho cha 39.9 ni methilini iliyo kati ya pete na kifungo maradufu. Juu vimebaki vitano: 137.8, 121.1, 114.2, 111.1 na 55.8. Hapo huwezi kutenganisha CH, yaani methini, na CH3, yaani methili, kwa mwelekeo peke yake, ndipo unapohitaji DEPT-90, ambayo huacha CH pekee. Vinne vya kwanza vinabaki, 55.8 kinatoweka: ni methili, ile ya OCH3. Kati ya hivyo vinne, 137.8 ni CH ya mkia, vitatu vingine ni vya pete.

Kabla ya kuamini mwelekeo wowote, tazama 55.8 kwanza. Anayechakata data anaweza kugeuza spektra nzima juu chini, na bado ikaonekana safi. OCH3 ikiwa chini, ujue imegeuzwa.

Jambo linalowasumbua wengi ni kuona kilele kifupi cha 55.8 kimesalia kwenye DEPT-90. Usikimbilie kukiita methini. Kipimo hiki kinahitaji pulsi ya haidrojeni iwe na urefu sahihi, na muda wa kusubiri uendane na nguvu ya muunganiko kati ya kaboni na haidrojeni. Mara nyingi mashine huwekewa thamani moja, karibu Hz 145, ilhali CH ya pete ina takriban 160 na CH2 ya kawaida ina takriban 125. Kwa hiyo masalia madogo ni kawaida. Linganisha urefu: CH halisi zitakuwa ndefu, masalia yatakuwa mafupi sana. Masalia yakiwa makubwa, omba pulsi ipimwe upya kwa sampuli yako.

Upande wa pili, zile kaboni tatu zisizo na haidrojeni huwa fupi kwenye spektra ya kawaida, kwa sababu hurejea taratibu kwenye hali yake baada ya kila pulsi. Sampuli ikiwa kidogo, zinaweza kuzama kwenye kelele, nawe ukahesabu kaboni 7 tu. Mwombe fundi aongeze muda kati ya pulsi na idadi ya mizunguko.

Sasa hesabu haidrojeni: CH nne zinatoa 4, CH2 mbili zinatoa 4, CH3 inatoa 3. Jumla ni 11, lakini fomula ni C10H12O2. Iliyokosekana iko kwenye oksijeni, ndiyo OH ya fenoli, na DEPT haiwezi kuiona. Mkiona pia kilele karibu na 169 kinachotoweka kwenye DEPT, na kingine karibu na 20.6 kinachoelekea juu kwenye 135 na kutoweka kwenye 90, basi asetati ya yujenoli imebaki kwenye sampuli. Imo kwenye mafuta ya karafuu tangu mwanzo. Rudieni kuosha kwa NaOH baridi: yujenoli itaingia kwenye maji, asetati ibaki kwenye tabaka la mafuta, kisha mtenge yale maji na kuyatia asidi kuirudisha yujenoli.