Dhaifu kuliko ya nani?

*Swali: Daftari la kemia la mwanangu limeandikwa “kani za mtawanyiko za London ni dhaifu kuliko zote”. Kani yenyewe inavuta, vipi iitwe ya mtawanyiko? Na London imeingiaje hapo? Msomaji, Chake Chake.*

London si mji. Ni Fritz London, mwanafizikia mzaliwa wa Ujerumani, aliyeieleza kani hii, mvuto kati ya molekuli na molekuli, mwaka 1930. Basi isomeke kama “sheria za Newton”, si kama “nguo za Dubai”. Mtawanyiko nao ni wa mwanga, ule unaozitenga rangi mwanga unapopita kwenye kioo. Elektroni zinazotikiswa na mwanga ndizo hizo hizo zinazoleta mvuto huu, na hesabu zake zinakaribiana, jina likahamia huku. Hakuna kinachotawanyika. Jina baya, nakubali, lakini Darajani nako hakuna daraja na watu wanafika sokoni.

Kinachonipandisha homa ni hilo “dhaifu kuliko zote”. Nikisema Juma ni mrefu kuliko Ali, sharti wote wawili wawe wamesimama chini. Ukimpandisha Ali juu ya kiti, “kuliko” yako haina maana tena. Skuli zetu zimeifanya sentensi hii kuwa kasida: juu bondi ya haidrojeni, yaani mvuto wa haidrojeni ya molekuli moja kwa oksijeni, nitrojeni au florini ya jirani, kati mvuto wa ncha chanya na hasi za kudumu, chini kabisa London. Hakuna anayeuliza London ya molekuli ipi.

Mwaga kikombe cha maji kwenye sakafu ya barza, na pembeni yake mwaga kidogo mafuta ya taa. Maji yatakauka kabla ya jioni. Mafuta yatabaki doa linanuka, na mgeni wa jioni atakuuliza kuna nini. Ili kimiminika kichemke, molekuli lazima ziachiane, basi zikishikana zaidi huhitaji joto zaidi. Maji yanajivunia bondi za haidrojeni, na yanachemka kwa nyuzi 100. Molekuli za mafuta ya taa hazina cha kushikana nacho ila London hiyo hiyo “dhaifu”, na bado dodekani, mojawapo ya zilizomo, huchemka kwa nyuzi 216.

Siri ni elektroni. Haziketi zimetulia, kila kitambo kidogo wingu lake huelemea upande mmoja wa molekuli, na upande huo ukawa hasi kwa muda. Wingu la jirani nalo husogea kuukimbia, na hapo hapo mvuto unazaliwa. Wingu likiwa kubwa, huyumba kwa urahisi zaidi. Molekuli ya maji ina elektroni 10, ya dodekani ina 98, tena ni mnyororo mrefu unaomgusa jirani kuanzia kichwa hadi mkia. Petroli nayo inashikwa na kani hiyo hiyo tu, lakini minyororo yake ni mifupi, ndiyo maana ikimwagika hupotea upesi.

Atasema mwalimu kwamba mafuta na maji si ndugu. Haya, tuchukue ndugu wa tumbo moja, haidrojeni iliyoungana na klorini, bromini au iodini: HCl, HBr na HI. Ncha za kudumu zina nguvu zaidi kwenye HCl, zinapungua kwenye HBr, na kwenye HI ni hafifu. Kwa kasida ile, HCl ingechemka kwa joto la juu kuliko wenzake. Kumbe ndiyo ya chini: HCl nyuzi -85, HBr -67, HI -35. Elektroni zao ni 18, 36 na 54. London imezishinda ncha ndani ya nyumba moja! Ndugu yao HF, wa florini, mwenye elektroni 10 tu, huruka hadi nyuzi 20, na huyo kweli amebebwa na bondi ya haidrojeni. Kwa hiyo sikatai kwamba bondi hiyo ina nguvu. Nakataa kuhukumu kabla ya kuhesabu.

Kasida ina mahali pake, na ni pale molekuli zinapokaribiana ukubwa. Butani ina elektroni 34, asetoni 32, propanoli ya mnyororo mnyoofu 34. London zao karibu zinalingana, kwa hiyo kilichoongezeka juu yake ndicho kinachoamua: butani isiyo na nyongeza huchemka kwa nyuzi -0.5, asetoni yenye ncha kwa 56, propanoli yenye bondi ya haidrojeni kwa 97. Hapo Juma na Ali wamesimama chini, wapime upendavyo.

Mwambie mwanao “mtawanyiko” auache kama ulivyo, maana kwenye mtihani atakutana nao. Afute “kuliko zote”, na mahali pake aandike “molekuli zikilingana ukubwa”. Mwalimu akitia mkasi mwekundu, mpeleke barzani na kibaba cha mafuta ya taa.